Nimechora jedwali la kwenda Ujerumani ama kubaki Mombasa, nikigeuza uzito na jibu lageuka. Nimekosea wapi?

#1 MwanaBandari
Salaam wadau. Niko na miaka 27, nafanya kazi kampuni ya kliaringi hapa mjini, mshahara 62,000. Nimepata nafasi ya masta ya lojistiki chuo cha umma Bremen, miaka 2, ada ya masomo hakuna. Lakini viza wanataka uonyeshe yuro 11,904 kwa ile akaunti ya kufungiwa, nikipiga kwa shilingi 150 ni kama 1.79m. Nusu ninayo, nusu mjomba amesema atanikopesha. Mamangu yuko Likoni, ana sukari na presha, kila mwezi mimi ndiye namvusha feri kumpeleka kliniki na namwachia 15,000.

Sasa badala ya kuumiza kichwa usiku nikachora jedwali. Alama ni kati ya 10:

| Jambo | Kwenda | Kubaki |
|---|---|---|
| Pesa | 3 | 6 |
| Familia | 3 | 8 |
| Kazi | 9 | 4 |

Uzito nilioweka ni pesa 50, familia 30, kazi 20. Kwenda ikapata 4.2, kubaki 6.2. Nikaona aaah, haiwezekani, nikabadilisha nikaweka kazi 50, pesa 30, familia 20. Kwenda ikawa 6.0, kubaki 5.4. Alama ni zile zile, sijagusa hata moja! Sasa jedwali gani ndilo la kweli?

#2 Chapati_Mbili
La pili. Manake la kwanza lilikwambia ubaki ukakasirika. Ushaamua kaka, funga begi.

#3 Mzee wa Makupa
Kijana hongera. Ila sijaelewa, hiyo digrii ya kwanza huwezi kuisomea hapa hapa TUM? Tudor si mbali na ada yake yalipika.

#4 MwanaBandari
@Mzee wa Makupa shikamoo mzee. Digrii ya kwanza nshamaliza kitambo, hii ni masta.

#5 Kijana_Bremen_Sijafika
Afadhali hukupata TUM manake TUM walianza kulipisha wanafunzi wa nje ya Ulaya tangu 2024, yuro elfu 2 mpaka elfu 6 kwa semista.

#6 Mzee wa Makupa
Elfu sita yuro?? Tudor hapa?? Tangu lini? Mjukuu wangu yuko hapo!

#7 Binti_Kongowea
😂😂😂 Mzee tulia, huyo anasema TUM ya Munich. Mjukuu yuko salama.

#8 Kijana_Bremen_Sijafika
Samahani mzee 😅 Ila @MwanaBandari hiyo pesa usiilie, Ujerumani mwanafunzi anafanya kazi kawaida tu, miezi sita unakuwa ushamlipa mjomba.

#9 Rudi_Nyumbani
#8 punguza. Mwanafunzi wa nje anaruhusiwa siku 140 nzima kwa mwaka ama nusu siku 280, sheria hiyo ni ya Machi 2024, kabla yake zilikuwa 120. Na hizo siku unazipata ukishajua lugha kidogo, kuosha vyombo tu bosi atakuongelesha Kijerumani. Usiandike kwa jedwali pesa ambayo hujaipata.

#10 DadaHesabu
Nimesoma #1 mara mbili. Mimi ni mhasibu na mambo haya ya uzito tunayafanya ofisini tukichagua wauzaji, kwa hivyo ntaongea kidogo, mnivumilie.

Kwanza, wewe hujakosea hesabu. Kama unatumia eksel, weka uzito kolamu B, kwenda C, kubaki D, halafu hii:

```
=SUMPRODUCT($B$2:$B$4,C2:C4)/SUM($B$2:$B$4)
```

Utapata 4.2 na 6.0 zako vile vile. Shida ni kuwa umeuliza jedwali gani la kweli, na hilo swali halina jibu. Swali lenye jibu ni hili, uzito wa kazi ukifika wapi ndipo jibu linageuka? Nimejaribu kwa kupandisha kazi polepole huku pesa na familia nikiziacha kwa uwiano wako. Nimetumia uwiano wa jedwali la kwanza, halafu nikarudia kwa uwiano wa la pili, kote inageukia kwenye 43 hivi. Chini ya 43 unabaki, juu ya 43 unaenda. Kwa hivyo tupa majedwali yote mawili ubaki na swali moja tu, je, kwako kazi inafika 43 kati ya 100? Wewe mara ya kwanza ulisema 20, mara ya pili 50. Mtu anayeruka hivyo si kwamba amebadilisha mawazo, ni kwamba hajui namba aliyoandika inapima nini.

#11 Chapati_Mbili
Dada umeanza vizuri umemaliza na kofi.

#12 Shekhe_Mkavu
Hakuna jipya. Benjamin Franklin akiwa rais wa Amerika 1772 alifundisha hivi hivi, karatasi unaigawa mara mbili, huku faida huku hasara, basi. Hakuna eksel wala nini.

#13 Rudi_Nyumbani
Shekhe, Franklin hakuwahi kuwa rais, na 1772 Amerika yenyewe bado ilikuwa koloni la Mwingereza. Lakini barua iko kweli, alimwandikia rafiki yake Priestley aliyekuwa hajui akubali kazi fulani ama aikatae. Na hakusema kugawa karatasi tu. Alisema uandike kwa siku tatu nne kila likikujia jambo, halafu uangalie sababu za huku na za kule zinazolingana uzito, uzikate zote mbili, uone kitakachobaki.

#14 Shekhe_Mkavu
Sawa urais nimemzidishia. Barua nimepatia.

#15 Tuktuk_ya_Pili
Dada Hesabu amesema hajui namba inapima nini, mimi ntasema kwa lugha ya stejini. Mwaka jana nilikuwa nanunua tuktuk ya pili. Ukiniuliza nini muhimu ntakwambia bei, bei, bei. Ningechora jedwali bei ningeipa 70. Lakini zile tuktuk mbili nilizokuwa nazitazama moja ilikuwa inazidi nyingine elfu tano tu! Sasa hiyo 70 ingefanya kazi gani? Kilichokuwa kinatofautiana ni injini, moja ilishafunguliwa moja haijafunguliwa. Nikachagua kwa injini ingawa "muhimu" ni bei. Ndugu yangu pesa ni muhimu kwa kila mtu, swali ni baina ya kwenda na kubaki pesa inatofautiana kiasi gani.

#16 DadaHesabu
#15 ndiyo hiyo hiyo! Miaka yote naitafutia mfano huo. Uzito haupimi jambo ni muhimu kiasi gani maishani, unapima ile ruka ya kutoka alama mbaya hadi nzuri kwenye jedwali lako wewe.

MwanaBandari fanya hivi. Chukulia umeamka uko pabaya kwa yote matatu, pesa 3, familia 3, kazi 4. Unaruhusiwa kuokoa jambo moja tu lifike juu, pesa iende 6, ama familia iende 8, ama kazi iende 9. Utaokoa lipi kwanza? Hilo lipe 100. Halafu hayo mengine uyape namba ukilinganisha na hilo 100. Usifikirie "familia ni kila kitu", fikiria ile ruka tu.

#17 Binti_Kongowea
Kabla hajajibu. Mimi naona hiyo alama ya pesa ina kasoro. Kaka, 3 uliipataje?

#18 MwanaBandari
Nilianza na 6 kama ya kubaki. Nikatoa moja kwa sababu mshahara wa miaka 2 utapotea na ile akaunti inataka 1.79m, nikatoa mbili kwa sababu mama sitaweza kumtumia 15,000 zake.

#19 Binti_Kongowea
Na familia ukaipa 3 kwa nini?

#20 MwanaBandari
Kwa sababu sitakuwepo kumpeleka kliniki na pia sitamtumia pesa... ooh.

#21 Binti_Kongowea
Eeeh. Mama umemlilia mara mbili. 15,000 moja imepunguza pesa na hiyo hiyo imepunguza familia. Chagua aishi nyumba gani. Kama ni ya familia, ya pesa itarudi 5. Nami nakwambia hivi kwa sababu yalinikuta, nilipokuwa naamua kuhama kazi niliandika "umbali" na "nauli" na "kuchelewa kufika", mambo matatu, yote ni foleni moja ya Changamwe.

#22 Rudi_Nyumbani
Na ile 1.79m usiihesabu kama imepotea. Hailipwi kwa mtu, ni yako, unafunguliwa yuro 992 kila mwezi ule na ulipe kodi ya nyumba. Ukiandika "akaunti" na tena ukaandika "gharama za kuishi" umehesabu ugali mara mbili. Kilicho deni ni ile nusu ya mjomba, hiyo andika.

#23 Mzee wa Makupa
Kijana samahani nilitoka kidogo, umeme. Huyo mama ana watoto wengine?

#24 MwanaBandari
Nimefanya ile ya #16 na pesa nikiweka 5 kama Binti alivyosema. Nikiwa mkweli ningeokoa kazi kwanza, 100. Familia ni 90. Pesa sasa inaruka kutoka 5 kwenda 6 tu, nimeipa 15. Ile pesa niliyoipa 50 mara ya kwanza!! Sasa najumlishaje?

#25 DadaHesabu
Kwa kuwa machaguo ni mawili tu hesabu ni nyepesi, kila jambo uzito wake unakwenda kwa anayeshinda hapo. Kwenda anashinda kazi, ana 100. Kubaki anashinda familia na pesa, ana 105.

#26 Chapati_Mbili
Yaani uzi wote huu tumepata droo.

#27 DadaHesabu
Ndio, na droo ni habari. 5 juu ya 100 ni ndogo kuliko makosa yako ya kukisia. Ukilala vizuri familia itakuwa 80 na jibu litageuka. Maana yake jedwali limefika mwisho wake, limekuonyesha ugomvi si pesa, ni kazi na familia zinavutana. Ni kama Franklin wa #13, kata pesa ubaki na hayo mawili.

#28 Mwenye_Macho
Mimi nawasikiliza mnavyopima wazazi kwa namba nanyamaza, sai ntasema. Nilienda Uingereza Septemba 2024, masta ya mwaka mmoja. Mke nilimwacha Kisauni kwa sababu tangu Januari ile ya 2024 masta za kawaida hauruhusiwi kwenda na familia. Nilikuwa na jedwali pia, msidhani. Februari babangu alifariki alfajiri, saa kumi alasiri alikuwa ashazikwa. Nilipigiwa simu nikiwa kwa basi. Hata kama ningekuwa na pesa ya ndege mkononi nisingeuona uso wake. Sisi Waislamu maiti haingojei mtu wa ndege. Hiyo utaipa ngapi kati ya 10? Tatu?

#29 Binti_Kongowea
Inna lillahi. Pole sana.

#30 Rudi_Nyumbani
Pole ndugu. Mungu amrehemu.

#31 Shekhe_Mkavu
Allah amrehemu. Na hapa ndipo mimi napingana na Dada. Kuna mambo si ya kufidiana. Jumla inasema ukipata 9 ya kazi inaziba 3 ya mama. Haizibi! Ni kama kununua nyumba, haina paa lakini ina vigae vizuri, ukijumlisha inapata 7. Kwanza weka masharti ya mlango, mama awe na mtu wa kumpeleka kliniki na dawa zake ziwe na mlipaji. Masharti yasipotimia hufungui eksel kabisa.

#32 DadaHesabu
Shekhe hapo sikupingi, masharti tunayaweka hata ofisini, muuzaji asiye na cheti cha kodi hatumpi alama. Ila angalia masharti yasiwe mengi. Ukiweka sita hakuna mtu angetoka Mombasa tangu enzi za majahazi. Na la #28, nasema kwa heshima, kifo kinaweza kumkuta baba wewe ukiwa Nairobi pia.

#33 Mwenye_Macho
Nairobi ningepanda treni ya asubuhi hiyo hiyo dada.

#34 DadaHesabu
Kweli. Nimekubali.

#35 Chapati_Mbili
@Mwenye_Macho ukirudishwa nyuma ungeenda tena?

#36 Mwenye_Macho
Ningeenda. Usiniulize kwa nini, na mimi najiuliza.

#37 Nahodha_Mstaafu
Vijana, nimefanya kazi baharini na bandarini miaka mingi. Nyote mmegombana na uzito hakuna aliyegusa ile 9 ya kazi. Tisa ya nani? Kwenye kliaringi hapa Mombasa mwajiri haulizi masta, anauliza unawajua kina nani forodha, na una ile cheti ya mawakala wa forodha ya Afrika Mashariki, EACFFPC. Ukirudi na masta yako ya Bremen meza itakuwa ile ile. Kazi itakuwa 9 ukibaki huko ukaajiriwa, sawa, wanakupa miezi 18 ya kutafuta baada ya kumaliza. Ukirudi mikono mitupu ni 5. Kwa hivyo umeandika ndoto kwenye kisanduku cha alama. Ukiona nafasi ni nusu kwa nusu basi andika 7.

Na jambo la pili, kwa nini kolamu ni mbili? Iko World Maritime University kule Malmö, Uswidi, chini ya shirika la bahari la Umoja wa Mataifa tangu 1983. Masta yake ni miezi 14 na wengi wanakwenda kwa skolashipu. Miezi 14 na miaka 2 si kitu kimoja kwa mgonjwa wa sukari. Hiyo ni kolamu ya tatu. Ya nne, unabaki lakini unachukua hiyo cheti ya forodha, si kubaki umekaa tu vile vile.

#38 Kijana_Bremen_Sijafika
Nahodha lakini kampuni kubwa za meli Mombasa wanaangalia masta, binamu yangu alipandishwa kwa sababu hiyo.

#39 Nahodha_Mstaafu
Kampuni za meli ndio. Yeye yuko kliaringi. Bahari moja, vyombo tofauti.

#40 Tuktuk_ya_Pili
Sasa nahodha akisema 7, ile ruka ya kazi imekuwa kutoka 4 hadi 7 badala ya 9. Si ile 100 nayo inashuka?

#41 DadaHesabu
Inashuka, kama ruka zina thamani sawa itakuwa 60. Kubaki ana 105. Droo imekwisha, kwa karatasi anabaki. Ila hiyo nusu kwa nusu ni makisio ya nahodha, na kolamu zikiongezeka hiyo njia yangu ya kujumlisha haraka haifai, itabidi arudi kwa alama zote.

#42 Sawa_Kwa_Sawa
Nimechelewa. Uzito wote ni porojo, mpe kila kitu uzito sawa. Kwa alama zake za kwanza kwenda ina 15, kubaki ina 18. Amebaki. Uzi ungeisha #2.

#43 Binti_Kongowea
Alama za kwanza zina mama mara mbili. Soma #21.

#44 Sawa_Kwa_Sawa
Basi 17 kwa 18. Bado anabaki.

#45 Mzee wa Makupa
Nimeuliza #23 hakuna aliyenijibu. Huyo mama ana watoto wengine?

#46 MwanaBandari
Samahani mzee, nilipitwa. Niko na dada, ameolewa Ukunda, ana watoto wadogo watatu. Na mdogo wangu wa kiume ana miaka 22, anaendesha bodaboda pale Likoni.

#47 Mzee wa Makupa
Kijana wa miaka 22 yuko Likoni kwa mama, ana pikipiki, na wewe ndiye unavuka feri kwenda kumvusha. Kwa nini?

#48 MwanaBandari
Kwa kweli mzee hatujawahi kumwomba. Amezoeleka kuwa mtoto. Tena mama hamwamini na vidonge.

#49 Shekhe_Mkavu
Sharti la mlango hilo limejitokeza lenyewe.

#50 Rudi_Nyumbani
Jaribu kabla hujajaza alama. Mwezi ujao na unaofuata usiende Likoni siku ya kliniki, aende mdogo. Uone kama tarehe anakumbuka, kama kitabu cha sukari kimejazwa, kama dawa zimenunuliwa zote ama nusu. Dada yangu aliniambia "usijali nitamwangalia mama", nilipopiga simu mwezi wa tatu presha ilikuwa haijapimwa tangu niondoke. Si ubaya, watu husahau.

#51 Binti_Kongowea
Na mama mwenyewe umemuuliza? Tumefika 51 hakuna aliyemtaja kama mtu wa kuulizwa.

#52 MwanaBandari
Nimetoka kumpigia sasa hivi. Amesema niende. Halafu akanyamaza kidogo akauliza huko Bremen kuna feri.

#53 Chapati_Mbili
Umemwambiaje?

#54 MwanaBandari
Nimemwambia kuna mto na boti. Akasema basi utajizoesha. Mdogo nimemwambia kliniki ya tarehe 14 ni yake, amejibu "sawa bro" na ile emoji ya kidole. Nikiona kitabu kimejazwa ntarudi kubadilisha ile 3 ya familia. Ya kazi bado sijui niamini nahodha ama binamu wa #38.

#55 Tuktuk_ya_Pili
Dada Hesabu hiyo fomula ya eksel yafanya kazi kwa simu? Natazama tuktuk ya tatu.